Mbuta Saizi ya Kalamu: Venye Ziwa la Migori na Homa Bay Lilianza Kuishiwa na Samaki

Ukienda Sori, Muhuru Bay, Mbita ama Sindo asubuhi boti zikirudi, angalia kitu moja tu: urefu wa mbuta. Usiangalie wangapi, angalia saizi. Kama wengi kwenye beseni wanatoshana na mkono wako kuanzia kiwiko hadi vidole, bado kuna maisha. Kama ni wale wa saizi ya kalamu na rula ya shule, jua hapo wasee wanakula mbegu.

Wengi wetu mtaani tunasikia stori ya ziwa kuisha samaki ikiletwa kama ni bahati mbaya. Ati gugumaji, ati hali ya hewa, ati Waganda. Hayo yote yako, na gugumaji la miaka ya tisini lilikuwa noma kweli, hata uchafu unaomwagwa ndani unaharibu maji. Lakini kuna kitu kingine ambacho kimejirudia kwa haya maji mara tatu, kwa samaki watatu tofauti, na kila mara mwendo ni ule ule. Ukielewa hizo mara tatu utaelewa ni kwa nini serikali inasumbua watu na rula, na ni kwa nini hiyo rula mara mingi haifanyi kazi.

Wa kwanza anaitwa ningu. Kama uko chini ya miaka 30 na hujalelewa karibu na mto, kuna uwezekano hujawahi kumwona kwa sahani. Huyu ni samaki wa ziwa ambaye hazai ziwani. Mvua kubwa ikianza, mito ikifurika, anatoka ziwani na kupanda mto, anaenda kutaga mayai juu huko kwa maji ya mafuriko, halafu anarudi. Upande wa Migori mto wenyewe ni Kuja, ambao watu wa juu wanauita Gucha, ule unaoungana na mto Migori kabla ya kuingia ziwani huko Nyatike. Wazee walimvua ningu kwa mitego ya matete na vizuizi vya miti, na mto ukifurika sana mtego ulizidiwa, wengi walipita.

Kisha ikaja nyavu ya kutega, ile unaning'iniza majini kama pazia na samaki anajinasa kwa matamvua. Hizo ziliingia Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne iliyopita, karibu 1905. Sasa fikiria. Una samaki ambaye msimu mmoja wote wanapitia mlango mmoja. Ukiweka pazia kwa mlango, huhitaji kumtafuta, anakuja mwenyewe, na anakuja akiwa na mayai tumboni. Kufikia miaka ya 1950 na 1960 ningu, ambaye alikuwa biashara kubwa kwa mito yote ya Nyanza, alikuwa ameporomoka. Hakukuwa na mbuta wa kulaumiwa bado, wala gugumaji. Kulikuwa na nyavu tu, na mahali zilipowekwa.

Hapo ndipo wazo la eneo la hifadhi linatoka, na sio wazo la watu wa mazingira wanaopenda kuonea wavuvi. Ni hesabu ya mlango. Samaki ana sehemu chache sana ambapo kila mtu wa ukoo wake lazima apite ama akae: mdomo wa mto, ghuba ya maji mafupi, matete ya ufukweni. Ukifunga hizo sehemu kwa wavuvi, hujafunga ziwa. Umefunga leba na nasari peke yake.

Wa pili ni ngege, yule wa asili, sio huyu nyamami tunakula saa hii. Nyamami ni mgeni, aliletwa miaka ya 1950. Ngege ndiye alikuwa samaki wa heshima wa Wajaluo, na habari yake iko na tarehe kabisa. Mwaka 1927 hadi 1928 Mwingereza mmoja anaitwa Michael Graham alitumwa apime ziwa kwa sababu wavuvi walikuwa wanalia nyavu zinatoka tupu. Alizunguka akahesabu, na jibu lake lilikuwa rahisi: ngege wanavuliwa kabla wazae. Akapendekeza nyavu isiwe na tundu chini ya inchi 5.

Wacha nieleze hiyo inchi 5 kwa sababu watu wengi huielewa vibaya. Si upande mmoja wa tundu. Unashika tundu moja, unalivuta mpaka lifunge kabisa, halafu unapima kutoka fundo la huku hadi fundo la kule. Hiyo ni inchi 5, yaani sentimita 12 na nukta 7. Samaki mdogo anapita katikati bila hata kujikuna. Samaki mkubwa anaingiza kichwa, matamvua yanashika, kwisha. Kwa hivyo nyavu ya tundu kubwa inachagua. Inamwambia mtoto wewe pita, na mama wewe kaa, lakini angalau huyo mama ashazaa mara moja.

Sheria ikapitishwa miaka ya 1930, na baadaye, 1947, kukaundwa kikosi cha kusimamia uvuvi wa ziwa zima. Shida ni kwamba nyavu ya inchi 5 ilishika kidogo kadiri ngege walivyopungua, na wale walioshona ya inchi 4 walishika zaidi. Zile za viwandani za nailoni zikaingia, nyepesi, haziozi, bei rahisi. Kusimamia kukashinda. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sheria ya tundu ikalegezwa kwa nchi zote tatu. Kila mtu akashuka inchi. Kwa muda mfupi mavuno yakapanda, wasee wakacheka, halafu ngege akaisha kwa ziwa kubwa. Leo ukitaka kumwona ngege wa asili unatafuta kwa viziwa vidogo vidogo vya pembeni, kama Kanyaboli kule Siaya.

Hiyo kupanda kabla ya kuanguka ni muhimu sana. Ukipunguza tundu, mwaka wa kwanza unashika wakubwa waliobaki pamoja na wadogo ambao wangekuwa wakubwa mwaka ujao. Unakula mishahara miwili mwezi mmoja. Kila mtu beach anakwambia nyavu mpya ni fiti, na hakuna mtu anadanganya.

Sasa wa tatu, mbuta, ambaye ndiye anawahusu watu wa rika letu. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akakaa kimya kama miaka 20, halafu miaka ya 1980 akalipuka. Alikula fulu, vile visamaki vidogo vya rangi ambavyo vilikuwa na mamia ya aina, na aina nyingi zikapotea kabisa. Hiyo ni hasara kubwa kwa dunia, lakini wacha tuseme ukweli: kwa Homa Bay na Migori mbuta alileta ganji. Viwanda vya minofu vikajengwa, lori za barafu zikafika beach, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Na hapa kwetu tukabaki na mgongo wazi, ile mifupa na kichwa baada ya minofu kutolewa, ambayo mathe anakaanga na unaila ukisema ni tamu. Ni tamu kweli, lakini jina lenyewe linajieleza.

Ganji ikavuta watu. Hesabu ya wavuvi inayofanywa kwa nchi zote tatu ilipata wavuvi karibu 130,000 mwaka 2000. Kufikia 2014 walikuwa zaidi ya 200,000. Ziwa halikuongezeka. Na vipimo vya mbuta vinavyochukuliwa kwa mawimbi ya sauti chini ya maji vilionyesha kwamba kati ya 1999 na 2008 wingi wake ulishuka chini ya nusu. Mwaka 2009 LVFO, lile shirika la uvuvi la Kenya, Uganda na Tanzania lenye makao Jinja, likaanzisha kampeni maalum ya kuokoa mbuta.

Unaweza kuuliza, kama walipungua hivyo, mbona sokoni hawakukosekana? Kwa sababu jumla inadanganya. Chukua mfano rahisi, namba ni za kujitungia. Boti 100, kila moja inaleta kilo 50, hiyo ni kilo 5,000. Miaka kadhaa baadaye kuna boti 200, kila moja inaleta kilo 26. Jumla ni kilo 5,200. Afisa akiandika ripoti atasema uvuvi umeongezeka. Lakini muulize msee wa boti, atakwambia anaenda mbali mara mbili, anachoma petroli mara mbili, analala majini, na anarudi na nusu. Ndio maana mtu anayejua hii kazi haulizi samaki wangapi wametoka ziwani. Anauliza boti moja imeleta wangapi kwa usiku mmoja, na walikuwa na urefu gani. Hizo mbili zikishuka pamoja, chama inaisha hata kama soko limejaa.

Na kwenda mbali ndiko kulileta ile sarakasi ya Migingo. Kisiwa chenyewe ni jiwe, chini ya ekari moja, mabati juu ya mabati, kiko ziwani kutoka Muhuru Bay. Kenya iko na asilimia 6 peke yake ya Ziwa Victoria, na sehemu ya hiyo sita ni ghuba ya maji mafupi. Mbuta wa karibu walipopungua, wavuvi wa Migori wakawa wanafuata wale wa maji mengi, na Migingo iko kando ya hayo maji. Mwaka 2009 nchi mbili karibu zikosane kabisa. Rais Museveni mwenyewe alisema kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda, na watu wakacheka, lakini ukifikiria kivuvi alikuwa amesema kitu cha maana. Hakuna mtu alitaka jiwe.

Basi tufike kwa rula. Kanuni ya mbuta ambayo nchi zote tatu zilikubaliana ilisema usichukue aliye chini ya sentimita 50, na pia usichukue aliye juu ya sentimita 85. Hiyo ya chini kila mtu anaielewa. Mbuta wa kiume anaanza kuzaa akiwa karibu na sentimita 50, wa kike anachelewa zaidi, anakuwa mkubwa sana ndio aanze. Hiyo ya juu ndio inachanganya watu. Mbona nisichukue yule dume mkubwa? Buda, huyo si dume. Mbuta wakubwa sana wengi wao ni wa kike, na mbuta mama mkubwa anabeba mayai kwa mamilioni. Ukimtoa huyo mmoja umetoa kizazi cha beach nzima.

Wacha tufanye hesabu ya huyo mdogo pia, kwa sababu hapa ndipo pesa inapotea waziwazi. Samaki akiongezeka urefu mara mbili, hapati uzito mara mbili. Anaongezeka urefu, anaongezeka upana, anaongezeka unene. Mbili mara mbili mara mbili, hiyo ni nane. Mbuta wa sentimita 25 ni kama gramu 180. Yule wa sentimita 50 ni kama kilo moja na nusu. Sasa tuseme umeshika kumi wa sentimita 25. Hiyo ni kilo moja nukta nane. Kwa bei ya mfano ya shilingi 400 kwa kilo, una 720. Na kwa kweli wadogo hawapati hata hiyo bei, kiwanda hakiwataki, wanaenda kukaangwa.

Waache. Wape kama mwaka hivi. Tuseme nusu wanakufa ama wanaliwa, na mbuta anakula hata watoto wake mwenyewe kwa hivyo sitii chumvi. Wamebaki watano, kila mmoja kilo na nusu. Hiyo ni kilo saba na nusu, shilingi 3,000. Benki gani inakupa hiyo riba?

Mvuvi anajua hii hesabu kukuliko wewe na mimi. Hachukui wadogo kwa sababu ni mjinga. Anawachukua kwa sababu wale watano wa mwaka ujao hawana jina lake. Akiwaachilia leo, kesho asubuhi boti ya jirani yenye nyavu ya inchi 3 inawachukua wote. Kwa hivyo kila mtu mwenye akili, akifikiria peke yake, anavua mbegu. Shida sio tabia ya wavuvi, ni kwamba ziwa liko wazi na kusubiri ni kumsaidia mwingine.

Ndio maana hao wadogo wanaendelea kuvuliwa na vifaa ambavyo vyote vilishapigwa marufuku. Kuna rimba, ile nyavu ndefu wanaume kumi wanaivuta kutoka ufukweni, iliyopigwa marufuku Kenya tangu 2001. Rimba ni mbaya kwa njia mbili. Inabeba kila kitu, na inafagia chini. Nyamami dume anachimba kiota kama sahani kwenye mchanga wa maji mafupi, jike anakuja kutaga, halafu anayabeba mayai na watoto ndani ya mdomo wake mpaka waweze kujitegemea. Rimba ikipita inavunja viota vyote, na jike akinaswa anatema watoto wote kwa mshtuko. Kuna pia nyavu za plastiki za uzi mmoja, zile zinang'aa kama za kuvulia na ndoano. Samaki hazioni majini, bei ni ya chini, na zikikatika hazirudishwi, zinabaki chini zikiendelea kushika samaki ambao hakuna mtu atawala.

Na juu ya rula kuna biashara nyingine ambayo ilikuja na kishindo: bondo, ile kibofu ya hewa ya mbuta. Inakaushwa, inaenda China, na bondo ya mbuta mkubwa ni bei kuliko nyama yake. Sheria inasema mwachie mama wa zaidi ya sentimita 85, soko linasema huyo ndiye mwenye pesa. Hapo rula inapambana na kitu kizito.

Watu wanaopenda suluhisho za nje huuliza: mbona tusiweke kota, yaani mgao? Serikali inasema mwaka huu ziwa linatoa tani kadhaa, kila beach ipewe fungu lake, likiisha mnafunga. Ndivyo wanavyofanya Ulaya na Amerika kwa samaki wengi wa bahari, na penye bandari chache na meli kubwa zenye mizani, inafanya kazi. Kwetu ina shida mbili. Ya kwanza ni mizani. Upande wa Kenya peke yake una mamia ya beach, na samaki wengine wanauzwa majini kabla boti iguse mchanga. Mgao usioweza kupimwa ni karatasi. Ya pili ni kwamba hata ukipima, lazima ujue ni wangapi wako chini. Kanada walikuwa na wanasayansi, meli za utafiti na mgao wa kila mwaka kwa samaki wao wa Newfoundland, wakakadiria vibaya kwa miaka kadhaa, na Julai 1992 wakafunga uvuvi huo wote kwa ghafla. Maelfu ya watu walipoteza kazi kwa siku moja. Serikali yao ilikuja kuondoa marufuku hayo 2024, miaka 32 baadaye, tena kwa kiasi kidogo.

Kwa hivyo nchi zetu zilichagua njia ya vifaa, mahali na muda: tundu gani, wapi, lini. Hiyo ya muda unaijua kupitia bei ya omena. Kenya hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai. Omena ni samaki tofauti kabisa, anavuliwa usiku bila mwezi, taa zinawashwa majini anakuja kuifuata mwanga, nyavu yake haifai kuwa chini ya milimita 10. Anakua haraka, anazaa kabla ya kufikisha mwaka, kwa hivyo anastahimili mashambulizi ambayo mbuta hangestahimili. Mimi nikiangalia, faida kubwa ya kufunga sio omena mwenyewe. Ni watoto wa mbuta na nyamami wanaobebwa na nyavu hizo ndogo zikivutwa karibu na ufuko, ambao kwa hiyo miezi minne wanapata kupumua.

Lakini angalia venye inaumiza. Boti ya omena ya Homa Bay inakaa mchangani miezi minne, na omena ya Tanzania inaingia soko la Kenya kama kawaida kwa sababu kule hawafungi kwa kalenda yetu. Mama aliyekuwa akianika omena Sindo ananunua ya nje kwa bei ya juu ama anakaa. Samaki hana pasipoti. Sheria ya nchi moja yenye asilimia 6 ya maji, bila hizo mbili kufanya vile vile, inahamisha biashara tu.

Na kuna njia ya mtutu. Uganda mwaka 2017 ilipeleka jeshi ziwani. Boti fupi zikachomwa, nyavu zikachomwa, na wavuvi wengi wakalalamika kupigwa na kudhulumiwa. Viwanda vyao vya minofu vikapata mbuta wakubwa tena, hilo wenye viwanda hawalifichi. Lakini uliza msee wa Muhuru Bay aliyeshikwa kwa maji asiyojua ni ya nani, nyavu yake ikaenda, injini ikaenda. Hiyo sheria haikumfanya asubiri samaki wakue. Ilimfanya avue haraka na kwa giza.

Hapo katikati ndipo kuna BMU. Tangu kanuni za 2007 kila beach Kenya inatakiwa kuwa na kamati yake, ina wenye boti, vibarua wa boti, wachuuzi, na iko na nguvu ya kuandikisha boti, kuweka daftari la mavuno na kutenga maeneo ya kuzalia pamoja na idara ya uvuvi. Kwa karatasi hii ndio dawa ya ile shida ya mbegu: kama ghuba ina jina la beach yenu, na nyinyi ndio mnaifunga, basi wale watano wa mwaka ujao wana mwenyewe. Eneo lenyewe huwa dogo, mdomo wa mto ama kona ya matete, linawekwa maboya, na hakuna kutega ndani. Huhitaji mizani wala hesabu ya ziwa zima. Boti ikionekana ndani ya maboya, imekosa, bas. Hata mtoto anaweza kuiona kutoka ufukweni.

Pwani walishalijaribu. Kuruwitu, Kilifi, katikati ya miaka ya 2000 wavuvi wenyewe walifunga kama hekta 30 za mwamba baada ya kuona wanarudi mikono mitupu. Walisutwa sana na wenzao. Samaki wakarudi ndani, wakajaa, na wanaojaa wanatoka nje ya mpaka wanakovuliwa. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Usikimbie kunakili kila kitu, kwa sababu samaki wa mwamba anakaa nyumbani, mbuta anatembea. Eneo dogo lililofungwa Homa Bay litamlinda nyamami mwenye kiota, na ningu anayepita mdomo wa Kuja, na mbuta akiwa bado mtoto kwenye maji mafupi. Mbuta akishakua akaenda maji mengi, hapo unarudi kwa rula na kwa majirani.

Na BMU zina ugonjwa wake. Mwenyekiti mara nyingi ni mwenye boti. Anatakiwa kumshika kibarua mwenye rimba, na rimba ni ya shemeji yake, ama ni yake. Akiripoti, karao anakuja, nyavu inachomwa, na usiku huo huo mtu anampigia simu kumuuliza alikuwa anafikiria nini. Wanaofanikiwa ni wale ambao beach nzima, wakiwemo wachuuzi, imekubaliana ni kona gani inafungwa na lini. Wanawake wana sababu yao ya kutaka hilo.

Sababu yenyewe ni jaboya. Samaki wakiwa wengi, mama mwenye beseni anachagua boti ya kununua. Samaki wakipungua, mwenye boti ndiye anachagua mama, na kwenye fuo za ziwa letu hiyo imemaanisha kwamba pesa haitoshi, anataka na mwili. Hiyo imeua watu kwa ukimwi kwa miaka mingi kwa hizi kaunti mbili. Watu wameandika mengi kuhusu jaboya kama suala la maadili. Lakini nguvu ya jaboya inatoka kwa beseni tupu. Kila mbuta wa saizi ya kalamu anayetolewa leo anamwongezea mwenye boti sauti mwaka ujao.

Ukienda beach wikendi hii kula samaki na mbogi yako, kuna kitu unaweza kufanya bila kuwa afisa wa uvuvi. Ukubwa wa simu yako wengi ni sentimita 15 hivi. Mbuta halali ni simu tatu na kidogo, kuanzia mdomo hadi ncha ya mkia. Akiwa simu mbili, muulize mwenye meza ametoka beach gani, na usimnunue.